Nozeli ya dizeli iliyogandishwa na kaboni: dhana potofu kuhusu nyundo ya kuvuta

Nozeli ya injini ya komoni reli hukaa ndani ya tundu refu kwenye silinda hedi. Chini kabisa, pale inapokutana na chumba cha mwako, huzibwa na washa moja nyembamba ya shaba. Washa hiyo ikishindwa kuziba, kila silinda inapowaka gesi ya moto hupenya na kupanda ubavuni mwa nozeli, ikibeba masizi na mvuke wa dizeli. Mwanzoni huacha lami nyeusi laini. Joto likiendelea kuioka, lami hiyo hugeuka kaboni ngumu inayojaza nafasi yote kati ya nozeli na ukuta wa tundu. Dereva husikia injini ikipumua "chuf, chuf" hasa ikiwa baridi, hunusa moshi ndani ya gari, na akifungua kifuniko cha juu hukuta weusi umezunguka shingo ya nozeli.

Hapo kufungua klampu inayoibana nozeli peke yake hakusaidii, na fundi huchukua nyundo ya kuvuta: ufito wa chuma unaofungwa juu ya nozeli kwa adapta ya thredi, wenye uzito unaoteleza juu yake hadi ugonge kizuizi cha mwisho. Ni kifaa kizuri sana. Nozeli nyingi zinazovunjika zikitolewa huvunjwa na mambo ambayo mafundi wameyarithi bila kuyahoji.

Dhana: Nozeli ikigoma, tafuta uzito mkubwa zaidi na upige kwa nguvu zaidi

Kaboni iliyookwa ni ngumu, lakini ni kitu cha kupasuka. Haivutiki wala haipindi, hupata nyufa. Mapigo mengi mafupi yenye nguvu ileile huongeza nyufa hizo kidogo kidogo mpaka kaboni iachie ukuta. Pigo moja la hasira hufanya kazi tofauti: hutafuta sehemu dhaifu kuliko zote na kuivunja, na mara nyingi sehemu hiyo si kaboni.

Kumbuka nozeli si kipande kimoja. Juu kuna mwili, chini kuna ncha yenye matundu ya kupulizia, na viwili hivyo hushikwa pamoja na nati ndefu ya mviringo. Nati hiyo ndiyo iko karibu na moto, kwa hiyo ndiyo hugandishwa zaidi. Ukivuta kwa fujo, mwili unaweza kung'oka ukaiacha nati na ncha ndani ya hedi, mahali ambapo hakuna tena thredi ya kushika. Kazi ya asubuhi moja hapo huwa kazi ya kushusha hedi.

Sababu hiyohiyo inahusu kuizungusha nozeli kwa spana, jambo ambalo ni zuri na lifanywe kabla ya pigo la kwanza. Wengi huanza kwa kuelekea kushoto, kama mtu anayefungua bolti. Lakini mwili umefungwa ndani ya nati kwa thredi ya kawaida. Nati ikiwa imeganda, kuuzungusha mwili kushoto ni kuufungua kutoka kwenye nati. Anza kulia, kwa nguvu ya wastani, kwenye bapa zilizochongwa kwa ajili ya spana. Ikicheza hata kidogo sana, irudishe ilipokuwa, isipite hapo, kisha kulia tena. Nozeli inayocheza hivyo imeshaanza kuachia.

Dhana: Adapta funga popote penye thredi

Hili ndilo linalopinda vitu vingi. Nozeli nyingi zina mlango wa mafuta ubavuni, na thredi yake inashawishi kwa sababu iko wazi na adapta yake hupatikana kwa urahisi. Ukivuta kutoka ubavuni, kila pigo huisukuma nozeli iinamie upande mmoja. Chini inabana ukuta mmoja, juu inabana ukuta wa pili, na badala ya kupanda inajikaza. Hedi ikiwa ya alumini, chuma cha nozeli hukwaruza tundu na kuacha mfereji.

Mvuto unatakiwa upite katikati ya nozeli, sambamba na tundu lake. Kwa aina nyingi hilo linamaanisha kuondoa solenoidi ya juu na kufunga adapta kwenye thredi iliyokuwa chini yake. Ieleweke mapema kabla ya kugusa: nozeli iliyofunguliwa solenoidi imefunguliwa sehemu zinazopimwa kwa mikroni. Hairudi kwenye injini mpaka ipite kwenye benchi la majaribio, ikaguliwe inavyopuliza na kiasi cha mafuta inachorudisha. Mwenye gari aambiwe hivyo kabla. Kama nozeli imekaa wima na ina mlango wa mafuta juu katikati, thredi ya mlango huo inatosha kwa mapigo mepesi, mradi ijulikane kwamba thredi hiyo ikiharibika nozeli haifai tena.

Dhana: Puliza mafuta ya kupenya, subiri dakika kumi, vuta

Mafuta ya kupenya hayayeyushi kaboni iliyookwa. Yanachofanya ni kuingia kwenye nyufa na kuzilainisha, na yakikuta tabaka la lami juu hayaingii kabisa. Kwanza kwangua lami yote kwenye shingo, ukiifyonza kwa mashine badala ya kuipuliza kwa upepo isitawanyike. Kisha jaza mafuta kwenye kibwawa kinachozunguka nozeli, uyaache saa nyingi, usiku mzima ikiwezekana, ukiongeza yanaposhuka. Yakishuka ni habari njema: yamepata njia.

Joto husaidia, na sababu yake inapimika. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 17 kwenye hedi ya alumini, likipashwa nyuzi 60 juu ya joto la asubuhi, hupanuka kuliko nozeli iliyomo kwa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Ni kidogo, lakini kwa kaboni isiyojua kunyumbuka inatosha kufungua ufa na kunywa mafuta. Ndiyo maana kuwasha injini ikapata moto, kuizima, kisha kujaza mafuta inapopoa kidogo, hufaa kuliko kuloweka injini baridi. Hedi ikiwa ya chuma cha kusubu faida hii karibu haipo, kwa kuwa hutanuka sawa na nozeli. Moto wa gesi usiusogeze hapo kabisa: kuna dizeli, kuna mafuta ya kupenya, na kuna alumini inayopoteza ugumu wake kabla haijaonyesha rangi yoyote.

Chukua mfano wa injini ya silinda nne yenye hedi ya alumini, ambayo nozeli ya tatu ndiyo inayovuja. Kabla ya kufungua bomba lolote injini imezimwa na kuachwa mpaka shinikizo la reli lishuke, maana mafuta yanayofikia bar elfu moja na zaidi hupenya ngozi kama sindano. Bomba zimetolewa na midomo yake imefunikwa. Klampu imeondolewa, kibwawa kimesafishwa na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi spana inaisogeza nozeli kulia kwa upana wa ukucha, halafu inagoma. Fundi anachora mstari wa kalamu kwenye mwili wa nozeli, usawa wa uso wa hedi, anafunga adapta juu katikati na kuanza mapigo mafupi. Kila baada ya mapigo ishirini hivi anasimama, anakaza adapta, anaongeza mafuta, anazungusha kidogo.

Masikio na mstari ndivyo vinavyomwongoza. Nozeli iliyoshikwa hutoa mlio mkali, na mkono huhisi pigo likirudi. Inapoachia, mlio hushuka na kuwa mzito, na mstari huonekana umepanda nusu milimita. Hapo kosa rahisi ni kuongeza nguvu kwa furaha. Kaboni iliyovunjika sasa ni punje ngumu zilizolegea, na zinaweza kujikabari kati ya nozeli na ukuta. Anaongeza mafuta, anaizungusha irudi chini kidogo ili punje zisagike, kisha anavuta tena. Ikipanda milimita chache, iliyobaki hutoka bila mabavu.

Mstari usiposogea kabisa baada ya kuloweka mara ya pili na kupiga tena, nyundo imefika mwisho wake. Kinachofuata ni kivutio cha hidroli kinachosimama juu ya hedi na kuvuta moja kwa moja bila mshtuko, au kushusha hedi na kuisukuma nozeli kutoka chini.

Dhana: Legeza klampu, piga stata, kompresheni itaitoa yenyewe

Hii ni hatari, na hesabu yake haiiungi mkono. Gesi inasukuma eneo dogo tu chini ya washa. Kwa duara la milimita 15 na shinikizo la bar 30 wakati wa kupiga stata, nguvu inayopatikana ni kama uzito wa kilo 54. Nozeli iliyoganda kweli huvutwa kwa tani. Kwa hiyo ile ngumu haitasogea, na ile inayokaribia kuachia itaruka ghafla ikifuatwa na gesi ya moto, mtu akiwa ameinama juu yake. Injini ikiwaka, nguvu hiyo huzidi mara kadhaa, na bomba la mafuta likikatika huongeza ukungu wa dizeli juu ya injini yenye moto.

Dhana: Ikishatoka, weka washa mpya ufunge

Chungulia kwanza kwa tochi. Washa ya zamani mara nyingi hubaki chini, na ukiweka mpya juu yake nozeli itakaa juu kuliko inavyotakiwa na itavuja. Kiti chenyewe huwa na kaboni. Ziba tundu dogo la chini, paka grisi kwenye kikwangulio cha kiti ili punje zinate, kizungushe kwa mkono taratibu mpaka uone duara la chuma linalong'aa pande zote, kisha acha. Sehemu yoyote nyeusi iliyokatiza duara hilo ni njia ya gesi.

Mafuta yaliyolowekwa nayo yameshuka juu ya pistoni, na mafuta hayabanwi. Ukifunga nozeli na kupiga stata, unaweza kupinda koneksheni rodi. Zungusha injini kwa mkono kwanza, nozeli zikiwa nje au hita plagi zikiwa zimetolewa, kisha kwa stata, ukiwa umefunika mashimo kwa kitambaa na umesimama pembeni. Baada ya hapo weka washa mpya, na bolti mpya ya klampu ikiwa ni ile inayokazwa kwa nyuzi za pembe, kwa sababu bolti hiyo ilishavutika ilipofungwa mara ya kwanza na haitabana tena sawasawa. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo, washa injini, na ikiwa bado baridi tonesha maji ya sabuni kwenye shingo ya nozeli. Yakitoa mapovu kwa mpigo wa injini, kiti hakikusafishwa vya kutosha, na ni afadhali kuifungua siku hiyohiyo kaboni ikiwa bado haijaanza kujijenga upya.