Dola zilikatwa kabla hazijafika Kisumu

Kuanzia tarehe 21 ya kila mwezi simu yangu haitulii. Ndicho kipindi YouTube inapotuma malipo, na vijana ninaowafanyia hesabu huanza na wimbo uleule: "Anti, benki imenila."

Wa karibuni alikuwa binti anayerekodi mapishi ya mbuta na osuga. Aliweka simu mbili mezani. Ya kwanza ilionyesha dola 420 kwenye Analytics, ukurasa wa takwimu za chaneli yake. Ya pili, ujumbe wa benki wa shilingi 43,753.20. Alikuwa ameuliza Google, akaambiwa dola moja ni shilingi 129.20, akazidisha, akapata 54,264. Kwake yeye, benki ilikuwa imekula shilingi 10,510.80 na alikuwa njiani kwenda kugombana na karani wa watu.

Nikamwambia aketi, afungue AdSense, akaunti ambayo YouTube hulipia. Analytics huonyesha makadirio, na haionyeshi kodi. Mwezi ukiisha, mibofyo isiyo halali huondolewa, na kati ya tarehe 7 na 12 kiasi kamili huingia AdSense. Chake kilikuwa dola 412. Chini yake, kwenye orodha ya miamala, kulikuwa na mstari ambao hajawahi kuusoma tangu afungue chaneli: kodi ya Marekani, dola 48.

Hapo ndipo hunishika hasira, kwa sababu jibu huwa moja: "Lakini mimi naishi Kondele, Marekani inanihusu nini?" Mwanangu, kodi hii haifuati unapoishi wewe. Inafuata alipo mtazamaji. Shangazi zako walioko Dallas na Minneapolis wanaotazama hiyo osuga, na Super Chat, zile pesa wanazokutumia wakiwa wanakutazama mubashara, ndio walioleta dola 160 kati ya zile 412. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo sehemu hiyo peke yake hukatwa asilimia 30. Thelathini kwa mia ya 160 ni 48. Dola 252 za watazamaji wa kwingineko hazikuguswa.

Na huyu alikuwa na afadhali, maana alishajaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa watu wa nje. Wapo wanaoikimbia wakidhani kuijaza ndiko kujiandikisha kulipa kodi. Ni kinyume kabisa. Usipojaza, akaunti ya mtu binafsi inaweza kukatwa asilimia 24 ya mapato yote ya dunia nzima, hata ya mtazamaji wa Homa Bay. Kwa binti huyu ingekuwa dola 98.88, zaidi ya mara mbili ya alichokatwa. Tena fomu hiyo huzeeka: uliyotia sahihi mwaka 2023 inakoma tarehe 31 Desemba 2026. Na yule anayewashauri wenzake wajaze mkataba wa nchi nyingine ili asilimia ishuke, ajue fomu hiyo hutiwa sahihi chini ya kiapo.

Basi zikatumwa dola 364. Njiani benki ya kati, ile inayopitisha pesa hadi benki yake, ikatoa 15, zikafika 349. Benki yake ikazinunua kwa shilingi 126.80, ikatoza ada ya 500, zikabaki zile 43,753.20. Tukipiga hesabu kwa bei ya Google, makadirio yalimpunguzia shilingi 1,033.60, kodi 6,201.60, benki ya kati 1,938, na tofauti ya bei ya dola 837.60. Benki aliyotaka kuitukana ilichukua jumla ya shilingi 1,337.60.

"Mbona hawakutumia bei ya Google?" Kwa sababu ile ni bei ya katikati, na hakuna benki inayonunua dola kwa bei hiyo. Angalia bei ya kununua ya benki yako, ya siku pesa zilipoingia. Waliokuwa wakipokea dola mapema 2024 wanakumbuka: Januari ilikuwa karibu shilingi 160, kufikia Aprili ikawa karibu 130. Dola zilezile.

Wengine huilaumu mamlaka ya kodi ya Kenya: "Ni KRA." Siyo. Mstari ule kwenye AdSense ni wa Marekani. KRA utaonana nayo kwenye ritani yako, na huko usiende ukiwa umepoteza karatasi.

Mimi humshauri kila mtu kitu kimoja, na wamechoka kukisikia: pandisha kiwango cha malipo kwenye AdSense, yaani kiasi ambacho pesa zikifika ndipo unatumiwa. Kiwango cha kawaida ni dola 100, lakini benki ya kati haijali kama umetumiwa 110 au 800. Ikitoa 15, inatoa 15. Binti sasa ameweka 800, na amefungua akaunti ya dola ili abadilishe siku anayotaka mwenyewe. Kama hizo 15 bado zinakuwasha, iombe benki nakala ya SWIFT ya malipo hayo. Humo utaona kiasi kilichotoka na nani alikata njiani.