Chumba kimya hakitoshi: dhana potofu kuhusu kurekodi sauti kwa simu

"Chumba kikiwa kimya, sauti itatoka safi."

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Mtu anasubiri usiku wa manane, anazima feni na friji, anafunga madirisha, halafu akisikiliza alichorekodi anasikia kama anasomea ndani ya tangi tupu. Kelele hakuna, kilichobaki ni mwangwi. Ukuta wa saruji, vigae na kioo cha dirisha huirudisha sauti kwenye simu punde tu baada ya ile iliyotoka mdomoni, na zikichanganyika maneno hupoteza makali. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaotetema baada yake, hapo hapafai.

Chukua chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, chenye kitanda na kabati. Fungua kabati lililojaa nguo, likabili, simu iwe kati yako na nguo, ili sauti ikitoka mdomoni iishie humo. Nyuma yako simamisha godoro, na chini tandika blanketi zito. Kanga au shuka jepesi halisaidii sana: hupunguza ukali kidogo tu na kuacha mvumo mzito ulivyo. Rudia kofi, likisikika fupi na kavu, anza kazi.

"Trei za mayai huzuia kelele."

Hazizuii. Ni karatasi nyepesi, na honi ya bodaboda inapita kama kawaida. Hata mwangwi hupungua kidogo mno kuliko kwa godoro.

"Simu ikae mbali kidogo, isinase pumzi."

Ukiisogeza mbali unakaribisha chumba. Umbali ukipungua kutoka sentimita 40 hadi 20, sauti yako hupanda kwa takriban desibeli 6, lakini mwangwi unabaki karibu vilevile. Kwa hiyo iweke sentimita 15 hadi 20, pembeni kidogo ya mdomo, ili pumzi ya "p" na "b" ipite kando. Maikrofoni kuu kwa kawaida ipo chini, karibu na tundu la chaji. Angalia kava isiizibe.

"Kasoro zitaondolewa na programu baadaye."

Mvumo wa feni usiobadilika unaweza kupunguzwa. Mwangwi ni mgumu zaidi, kwa kuwa ni sauti yako mwenyewe. Sauti iliyopasuka kwa kuzidi kiwango ndiyo mbaya kuliko zote, maana kilichokatwa hakipo tena. Kabla ya kuanza, soma sentensi utakayoitamka kwa nguvu kuliko zote, na vilele vyake visizidi desibeli -6 kwenye kipimo cha programu ya kurekodi, ambako 0 ndiyo kikomo.

Rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti. Kwenye iPhone, mipangilio ya Voice Memos ina chaguo la Lossless, lisilopoteza ubora wa sauti. Ukimtumia mhariri kwa WhatsApp, ambatisha faili kama Document. Ukirekodi upya kama ujumbe wa sauti, programu huibana sana na ung'avu wote uliouhangaikia hupotea.