Shika upande mmoja mpaka ufanane na wa pili

Kati ya milinganyo ya trigonometria ninayowapa wanafunzi waithibitishe, huu ndio ninaoupenda zaidi:

```
(tan A + sec A − 1) / (tan A − sec A + 1) = (1 + sin A) / cos A
```

Wengi hukimbilia kuzidisha kimshazari. Wanafungua mabano, wanakata vinavyofanana, na mwishoni wanapata sin A = sin A, kisha wanaandika kwamba imethibitishwa. Hapo bado hakuna uthibitisho. Kwa kuandika pande zote mbili na alama ya sawasawa katikati tangu mstari wa kwanza, umeshakubali jambo lenyewe uliloombwa kulithibitisha. Kufika kwenye kauli ya kweli hakuonyeshi kwamba ulikotoka nako ni kweli. Tazama huu:

```
sin A = √(1 − cos² A)
```

Ukiweka kipeo cha pili pande zote mbili unapata sin² A = 1 − cos² A, ambayo ni kweli daima. Lakini jaribu A = 270°. Kushoto ni −1, kulia ni 1. Mlinganyo wa uongo umetuzalia wa kweli, kwa sababu kipeo cha pili kimefuta alama ya kutoa.

Ndiyo maana ninasisitiza tushike upande mmoja tu, tuubadilishe hatua kwa hatua, na kila hatua iwe sawa na iliyotangulia. Upande wa pili tunauangalia tu, hatuugusi. Kwa kawaida naanza na ule wenye mambo mengi, kwani kupunguza ni rahisi kuliko kubuni. Hapa ni wa kushoto.

Kabla ya kuandika chochote, soma kwanza unakokwenda. Upande wa kulia, ukiugawanya vipande viwili, ni 1/cos A + sin A/cos A, yaani sec A + tan A. Sasa rudi kushoto: sekanti kujumlisha tanjenti tayari imekaa kwenye kiasi, na kinachoisumbua ni ile 1 inayotolewa. Kwa hiyo swali letu limekuwa dogo: 1 hiyo tuiandikeje ili nayo iwe na sec A + tan A ndani yake?

Jibu linatoka kwenye kanuni ya sec² A − tan² A = 1. Upande wake wa kushoto ni tofauti ya vipeo vya pili, hivyo unagawanyika kuwa (sec A − tan A)(sec A + tan A). Tunaipachika kwenye kiasi peke yake, asili tunaiacha ilivyo:

```
kiasi = (sec A + tan A) − (sec A − tan A)(sec A + tan A)
      = (sec A + tan A)(1 − sec A + tan A)
```

Mabano ya pili ni asili yenyewe, mpangilio tu ndio umebadilika. Yanakatana nayo, inabaki sec A + tan A, ambayo ni (1 + sin A)/cos A. Tumefika.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika hatua hii ni la alama: mtu anatoa kigawo cha pamoja halafu anaandika 1 − sec A − tan A. Dalili yake ni kwamba mabano yanakataa kukatana na asili. Ukiona hivyo, usitafute kanuni mpya. Rudi ukague alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano.

Je, ukiipachika kwenye asili badala ya kiasi? Inawezekana pia. Asili inakuwa (sec A − tan A)(sec A + tan A − 1), mabano ya pili yanakatana na kiasi, na unabaki na 1/(sec A − tan A). Zidisha juu na chini kwa sec A + tan A, asili inarudi kuwa 1, nawe umefika kwa hatua moja zaidi. Ukipachika kote kwa pamoja, hakuna kinachokatana moja kwa moja, na utazunguka sana.

Ukitaka kukagua kwa namba, tumia pembe kama 30°: pande zote mbili zinatoa √3. Epuka 45°, maana hapo saini na kosaini zinalingana na zinaweza kuficha kosa la kubadilishana. Namba moja ikikataa, mlinganyo ni wa uongo au umekosea kunakili. Ikikubali, bado hujathibitisha kitu.

Kuna jambo ambalo majibu mengi hayalitaji. Tulipokata tan A − sec A + 1, tulichukulia kwamba si sifuri. Ni sifuri pale sin A + cos A = 1, mradi cos A yenyewe si sifuri, kwa mfano A = 0°. Hapo kushoto tunapata 0/0, isiyo na thamani, wakati kulia ni 1. Kwa hiyo ninapoandika mstari wa mwisho, naongeza kwamba mlinganyo unashika kwa kila pembe ambayo upande wa kushoto una thamani.