Herufi saba za MD5, na dhana nyingine zinazoangusha watu kwenye usaili wa kifupisha viungo

Swali ni lile lile kila raundi ya usanifu wa mifumo: sanifu huduma ya kufupisha viungo. Na jibu nalo limekuwa lile lile, utadhani wasailiwa wote wamekaririshwa na mwalimu mmoja: "Nachukua anwani ndefu, naipitisha kwenye MD5, kanuni ya hashi inayogeuza maandishi yoyote kuwa namba ya urefu mmoja, nakata herufi saba za mwanzo." Ukimuuliza kuhusu migongano, yaani anwani mbili kupata msimbo mmoja, anatabasamu: "Nafasi zipo zaidi ya trilioni tatu, haitatokea."

Itatokea, na ni siku ya kwanza.

Dhana: "Nafasi ni trilioni 3.5, kwa hiyo migongano si tatizo"

Tuweke mzigo mezani kwanza, maana bila mzigo hesabu zote ni kupiga ramli. Tuseme viungo vipya ni milioni 100 kwa mwezi. Hiyo ni kama 39 kwa sekunde. Tuseme pia kila kiungo kinasomwa mara 100, basi usomaji ni kama 3,900 kwa sekunde.

Kosa la kwanza hata halihusu bahati. MD5 kama inavyotoka kwenye maktaba nyingi huandikwa kwa heksadesimali, yaani tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f tu. Ukikata herufi saba za maandishi hayo, nafasi zako si 62 kwa kipeo cha 7, zile za tarakimu pamoja na herufi ndogo na kubwa zote, bali ni 16 kwa kipeo cha 7: 268,435,456. Trilioni zimeyeyuka na aliyezitaja hana habari. Ili uzipate, lazima uchukue hashi kama namba, uigeuze kuwa besi 62, ndipo ukate herufi saba za mwisho.

Haya, tuseme umefanya hivyo. Nafasi sasa ni 3,521,614,606,208 kweli. Kosa la pili ni kudhani kiungo kipya kinashindana na kiungo kimoja. Kinashindana na vyote vilivyokwisha kuhifadhiwa. Ni hesabu ile ile ya siku za kuzaliwa: watu 23 tu chumbani wanatosha kufanya uwezekano wa wawili kuchangia siku uvuke nusu, ingawa mwaka una siku 365. Kanuni ya haraka ni kuchukua kipeuo cha pili cha idadi ya nafasi, yaani mzizi wake, na kuzidisha kwa 1.18. Kwa nafasi trilioni 3.5 unapata viungo kama milioni 2.2. Kwa kasi ya 39 kwa sekunde, milioni 2.2 ni kazi ya saa 16. Na yule wa heksadesimali? Anafika nusu kwa nusu akiwa na viungo 19,300 hivi, kabla dakika tisa hazijaisha.

Baada ya hapo hali huzidi kuwa mbaya taratibu. Ukiwa na viungo milioni 100, kila kiungo kipya kina uwezekano wa 1 kati ya 35,000 hivi wa kuangukia msimbo uliochukuliwa, maana yake mgongano mmoja kila robo saa. Miaka mitano baadaye, ukiwa na viungo bilioni 6, ni 1 kati ya 587: mgongano kila sekunde 15. Hilo si tukio adimu. Ni sehemu ya kazi ya kila siku ya mfumo, na mfumo usiokuwa na njia ya kulishughulikia unapoteza viungo vya watu kimyakimya.

Hapo msailiwa hukimbilia kusema: "Basi naangalia kwanza kama msimbo upo, usipokuwepo naandika." Sawa, tuangalie kwa karibu. Seva A na seva B zimepata msimbo mmoja, `Xk3pQ9a`, kwa anwani mbili tofauti. A inauliza: upo? Haupo. B inauliza: upo? Haupo, kwa sababu A bado haijaandika. A inaandika, B inaandika juu yake. Watumiaji wote wawili wameambiwa "tayari". Wa kwanza ameshachapisha kiungo chake kwenye mabango, na anayekifungua anapelekwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Hakuna kosa lolote kwenye kumbukumbu za seva. Dalili pekee ni kwamba idadi ya majibu ya "tayari" inazidi idadi ya safu kwenye jedwali.

Tiba ni kuacha hifadhidata yenyewe iamue, kwa hatua moja isiyogawanyika. Safuwima ya msimbo iwe ufunguo wa msingi, kisha kwa PostgreSQL:

```sql
INSERT INTO viungo (msimbo, anwani)
VALUES ('Xk3pQ9a', 'https://example.com/ukurasa')
ON CONFLICT (msimbo) DO NOTHING
RETURNING msimbo;
```

Ukirudishiwa safu, msimbo ni wako. Usiporudishiwa kitu, umekwisha kuchukuliwa, jaribu mwingine.

Jaribu mwingine upi? Hapa ndipo hashi inapokukwama kooni. Anwani ile ile hutoa hashi ile ile, milele. Ili upate msimbo tofauti lazima uongeze kitu kwenye anwani, tuseme namba 1 mwishoni, uhashi upya. Anwani hiyo ikiletwa tena kesho, utaihashi, utakuta msimbo umekaliwa, utalazimika kusoma safu ili ujue ni yako au ya mgeni, kisha uongeze 1 na kurudia. Ile sifa ya hashi mnayoipenda, kwamba anwani moja hupata msimbo mmoja, sasa unailipia kwa usomaji wa ziada.

Tena sifa yenyewe nani aliiomba? Watu wawili wakifupisha anwani moja, kila mmoja anataka hesabu zake za mibofyo na tarehe yake ya kuisha muda. Na anwani yenye mkwaju mwishoni ni tofauti na isiyo nao machoni pa hashi. Kama hamna sharti la kuunganisha anwani zinazofanana, msilibuni.

Ukitaka kubaki na migongano, afadhali utumie namba za nasibu: migongano ni ile ile, ila kujaribu tena kunatoa msimbo mpya bila ujanja. Ukitaka kuiepuka kabisa, tumia kaunta na ugeuze namba kuwa besi 62. Mfano, 1,000,000: gawa kwa 62 mara kwa mara, chukua mabaki kutoka la mwisho kwenda la kwanza, unapata 4, 12, 9, 2. Kwa mpangilio wa 0-9, a-z, A-Z, hiyo ni `4c92`. Hakuna namba mbili zinazotoa msimbo mmoja, basi.

Dhana: "Kaunta moja itaelemewa"

Itaelemewa ukiiendea kwa kila kiungo, na hata hivyo 39 kwa sekunde si mzigo wa kuogopwa. Ila hakuna sababu ya kuiendea hivyo. Kila seva ijichukulie fungu:

```sql
UPDATE kaunta SET ijayo = ijayo + 100000
RETURNING ijayo - 100000;
```

Jibu ni namba ya kwanza ya fungu lako la 100,000, unazigawa ukiwa kwenye kumbukumbu ya seva. Kwa viungo milioni 100, kaunta inaguswa kama mara 1,000 kwa mwezi mzima. Seva ikifa, namba zilizobaki zimepotea, na ziache zipotee: kati ya trilioni 3.5 hazionekani. Msiandike programu ya kuziokoa, ndiyo hasa inayoleta namba kutolewa mara mbili.

Udhaifu halisi wa kaunta ni mwingine: namba zinafuatana, kwa hiyo mtu anaweza kupita kiungo baada ya kiungo. Unaweza kuzichanganya kwa kuzidisha kwa namba maalumu na kuchukua baki la 62 kwa kipeo cha 7. Namba hiyo iwe witiri na isigawanyike kwa 31, la sivyo namba mbili zitaangukia mahali pamoja. Zao linaweza kuvuka biti 64, kwa hiyo hesabu ifanywe kwa aina ya namba inayolibeba. Hata hivyo huko ni kuficha tu, si ulinzi. Mwaka 2016 watafiti wa Cornell Tech walionyesha kuwa viungo vifupi vya huduma za hifadhi ya mtandaoni vingeweza kubahatishwa mpaka kufikia faili za watu. Kiungo kifupi si nywila.

Dhana: "Data ni nyingi mno kwa hifadhidata ya majedwali"

Zidisheni kabla ya kusema. Baiti 500 kwa kiungo, mara bilioni 6, ni terabaiti 3 kwa miaka mitano. Inabebeka. Kinachonikera zaidi kwenye hifadhi ni kitu kidogo: MySQL kwa mipangilio yake ya kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo `aBc` na `abc` ni kitu kimoja kwake. Besi 62 yako imekuwa besi 36 bila taarifa. Weka `utf8mb4_bin` kwenye safuwima ya msimbo.

Dhana: "Usomaji ukizidi, unaongeza kache na nakala, basi"

Kache, yaani hifadhi ya haraka ya majibu, na nakala za hifadhidata zinafaa sana, kwa sababu kiungo hakibadiliki mara kwa mara. Lakini tazama zinapokutana. Mtumiaji anatengeneza kiungo, kinaandikwa kwenye seva kuu. Nusu sekunde baadaye anakibofya. Kache haina kitu, ombi linakwenda kwenye seva ya nakala ambayo bado haijapokea safu hiyo, jibu ni 404. Na kwa kuwa mlisikia ni vizuri kuhifadhi pia majibu ya "hakuna" ili wadukuzi wanaobahatisha wasichoshe hifadhidata, ile 404 inaingia kwenye kache kwa dakika tano. Mtumiaji anabofya tena na tena, hakuna. Nakala imeshapata safu zamani, ila hakuna anayeiuliza.

Tiba yake ni rahisi. Ukitengeneza kiungo, kiandike kwenye kache wakati huo huo, tena kwa kufuta jibu lolote la "hakuna" lililokuwepo. Nakala ikisema "hakuna", uliza seva kuu kabla ya kuamini. Na majibu ya "hakuna" yaishi sekunde chache, si dakika.

Halafu kuna 301, jibu la kumwelekeza mtumiaji kwenye anwani ndefu kwa kudumu. Wengi huitaja kwa fahari kwamba inapunguza mzigo, na ni kweli: kivinjari huihifadhi na hakirudi tena kwako. Ndiyo maana mibofyo hiyo huwezi kuihesabu, na mwenye kiungo akibadilisha anwani, wale waliokwisha kukifungua wanaendelea kupelekwa kwenye ya zamani, huna namna ya kuwafikia. Kama huduma inahesabu mibofyo, rudisha 302, ya kuelekeza kwa muda tu, na uweke `Cache-Control: no-store`. Usomaji 3,900 kwa sekunde ni mzigo ambao kache yenye seva chache inaumudu.