Uzito wa ujumbe wa deni hauko kwenye ukali

“Nikimwandikia mteja kwa upole, si ataona deni linaweza kusubiri?”

Kinachomfanya mteja aahirishe ni ujumbe usiotaja kiasi wala tarehe, na ujumbe mkali mara nyingi hauna vyote viwili. Mwenye duka la uchapishaji mjini Kisumu alikuwa ametuma huu: “Umenyamaza wiki nzima, unatuchezea. Lipa leo ama tutaonana!” Mhasibu anayeusoma hajui ni ankara gani, na tishio lisilo na maana mahususi humpa sababu ya kujibu matusi badala ya kulipa.

Tuliuandika upya hivi: “Habari za asubuhi, Bi. Ankara nambari 114 ya shilingi 18,500, ya mabango tuliyowaletea tarehe 3 Juni, ilipaswa kulipwa kufikia tarehe 3 Julai. Tafadhali ilipeni kwa M-Pesa kufikia tarehe 17 Julai. Ikiwa kuna kasoro katika kazi, nijulishe kesho. Oda yenu mpya tutaianza malipo yakishapokelewa.”

Lawama imeondoka, lakini dai halijapungua hata shilingi. Sentensi ya kasoro, ambayo wengi huiogopa, humtaka mteja aseme mapema kama ana pingamizi, ili asilizue siku ya mwisho. Ile ya oda ndiyo yenye meno, nayo iandikwe tu ikiwa kweli utaisimamisha kazi. Mimi pia nisingeongeza “samahani kwa usumbufu”, kwa kuwa anayedai chake hajamsumbua mtu.