Nukta, pau na pipi ya kijiti: dhana potofu kuhusu grafu za kupanga vitu vingi

Milima inayozidi mita 8,000 kutoka usawa wa bahari iko 14. Everest ndio wa kwanza kwa mita 8,849, na Shishapangma ndio wa mwisho kwa 8,027. Wengi wakitaka kuipanga kwa urefu huchora pau 14 papo hapo. Mwenye kutaka kuonekana wa kisasa huziondoa pau, akaweka vijiti vyembamba vyenye duara kichwani, ile grafu inayofanana na pipi ya kijiti. Njia ya tatu ni grafu ya nukta: kila mlima unapata nukta moja tu, iliyowekwa kwenye mhimili mahali pa thamani yake. Milima hii inafaa kupimia dhana kadhaa zinazozunguka uamuzi huo.

Dhana: Nukta ni pau iliyopunguzwa wino, tofauti ni ya urembo tu.

Pau husomwa kwa urefu wake. Ikiwa pau moja ina urefu mara mbili ya nyingine, msomaji ana haki ya kuamini kwamba thamani nayo ni mara mbili, kwa hiyo pau lazima ianzie sifuri. Nukta haina urefu. Inachosema ni mahali ilipo kwenye kipimo, basi, na ndiyo maana mhimili wake unaweza kuanzia popote panapofaa data.

Tuchore milima yetu kwenye nafasi ya sentimita 10. Kwa pau zinazoanzia sifuri, Everest itachukua sentimita zote 10 na Shishapangma itachukua 9 na ushei. Pau zote 14 zinaishia ndani ya sentimita moja ya mwisho, na sehemu nyingine ya ukurasa ni rangi tupu inayorudia jambo ambalo kila mtu analijua: kwamba milima hii ni mirefu. Sasa tuweke nukta kwenye mhimili unaoanzia 8,000 hadi 8,900. Kila milimita inabeba mita 9, na ghafla orodha inaonyesha umbo lake. Milima mitano iko mbele: Everest, K2 (8,611), Kangchenjunga (8,586), Lhotse (8,516) na Makalu (8,485). Kisha linafuata pengo la mita 297, ambalo hapa ni sentimita 3.3 za nafasi tupu, ndipo unaanza Cho Oyu kwa 8,188. Milima tisa iliyobaki, kuanzia huo Cho Oyu, imebanana ndani ya mita 161. Pengo hilohilo kwenye pau lilikuwa milimita 3 na kidogo, na sidhani kama kuna msomaji ambaye angelitambua.

Dhana: Mhimili usioanzia sifuri ni udanganyifu, grafu iwe ya aina gani.

Kwa pau, ni kweli kabisa. Kata pau za milima yetu zianzie 8,000, na Everest itapata pau ya mita 849 huku Shishapangma ikipata ya mita 27. Macho yataona mlima mmoja mrefu mara 31 kuliko mwingine, wakati tofauti halisi ni kama sehemu moja ya kumi tu. Nukta zilizo kwenye mhimili huohuo hazisemi uongo huo, kwa sababu hazidai uwiano wowote. Zinadai tofauti, na tofauti ziko sahihi. Sharti ni kwamba namba za mhimili zisomeke vizuri, maana msomaji aliyezoea pau anaweza kudhani ukingo wa kushoto ni sifuri.

Dhana: Pipi ya kijiti ni grafu ya nukta yenye pambo.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, tena wanaojua kuchora. Kijiti kikishachorwa kutoka ukingoni hadi kwenye nukta, urefu umerudi. Kijiti ni pau nyembamba tu. Kwa hiyo pipi inayoanzia 8,000 ina kosa lilelile la pau iliyokatwa, ila limevaa nguo nadhifu. Ukitaka mistari ya kumsaidia msomaji kufuata jina hadi kwenye nukta, ivushe ukurasa mzima kutoka ukingo hadi ukingo, iwe hafifu na yenye urefu sawa kwa kila safu. Mstari unaopita nukta na kuendelea hauna urefu wa kupimwa. Kwa matplotlib, maktaba ya Python ya kuchorea grafu, huandikwa hivi:

```python
ax.hlines(majina, 8000, 8900, color="0.85", lw=0.8, zorder=1)
ax.scatter(urefu, majina, s=36, zorder=2)
ax.set_xlim(8000, 8900)
ax.invert_yaxis()
```

Pipi ya kijiti ina mahali pake, pale sifuri inapokuwa na maana na thamani zinapotawanyika mbali. Chukua milima hiyohiyo lakini upime kimo ambacho kila kilele kinacho juu ya shingo ya ardhi inayokiunganisha na kilele kirefu zaidi. Nanga Parbat unapata takriban mita 4,600. Lhotse, ambao ni wa nne kwa urefu, unapata takriban 610 tu, kwa sababu umeshikamana na Everest. Hapa kusema "huu ni mara saba ya ule" ni taarifa yenye maana, na kijiti kinaibeba vizuri bila kulundika rangi kama zingefanya pau 14 nene.

Dhana: Utafiti umethibitisha kwamba nukta husomwa kwa usahihi kuliko pau.

Dai hili hutajwa pamoja na jina la William Cleveland, mtakwimu aliyeipigia debe grafu ya nukta. Mwaka 1984 yeye na Robert McGill walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukadiria vizuri zaidi mahali pa kitu kwenye kipimo cha pamoja kuliko urefu usio na msingi mmoja. Lakini pau zinazoanzia mstari mmoja nazo zina ncha kwenye kipimo cha pamoja! Walioshindwa katika majaribio hayo ni vipande vya pau vilivyopandishwa juu ya vingine. Faida ya nukta ni uhuru wa mhimili, na kwamba safu 40 haziwi ukuta wa rangi. Kwa vitu vitano vyenye thamani zinazotofautiana sana, pau zinatosha, na msomaji hahitaji maelezo.

Dhana: Nukta ikiwa kubwa inaonekana vizuri zaidi.

Inaonekana, lakini thamani iko katikati yake, na jicho huenda likasoma ukingo. Ile `s=36` ya hapo juu ni duara lenye upana wa pointi 6, yaani kama milimita 2, ambazo kwenye mhimili wetu ni mita 19. Ukiikuza mara tatu kwa upana, itafunika zaidi ya theluthi moja ya kundi zima la milima tisa ya chini. Kuandika namba ndani ya duara hulazimisha ukubwa huo. Afadhali iwekwe pembeni.

Dhana: Nukta zikipangwa, nafasi ya kila kitu imejulikana.

Kupanga kwa thamani badala ya alfabeti ni lazima, la sivyo mapengo hayaonekani. Lakini safu mbili tofauti si ushahidi wa tofauti yenye uzito. Dhaulagiri (8,167) na Manaslu (8,163) zimeachana mita 4, chini ya nusu milimita kwenye grafu yetu, na kwa macho nukta zake zimesimama wima moja juu ya nyingine. Cho Oyu wenyewe hutajwa kwa 8,188 katika vyanzo vingine na 8,201 katika vingine, tofauti ya mita 13. Vipimo vikiyumba kiasi hicho, chora mstari mfupi wa mlalo kupita kwenye nukta kuonyesha kiwango cha shaka. Mistari ya milima miwili ikiangukia eneo moja la kipimo, usiandike "wa saba" na "wa nane" kana kwamba ni jambo lililokwisha amuliwa.