Joto la ndani la mkimbiaji: ni wakati gani lazima asimame?

Joto la ndani ni joto la damu na viungo vilivyo katikati ya mwili: moyo, ini, ubongo. Mtu aliyetulia huwa na nyuzi 37 hivi za Selsiasi. Ngozi ina joto lake, ambalo hupanda na kushuka kwa upepo na maji anayojimwagia mtu, kwa hiyo paji la uso lenye baridi halikuambii lolote kuhusu hali ya ini.

Kwa mkimbiaji joto hili hutoka kwenye misuli. Katika nguvu yote anayoitumia, sehemu ndogo tu ndiyo inayomsogeza mbele. Zaidi ya robo tatu hugeuka joto. Kwa hesabu ya karibu, kilomita moja hula kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake. Kama mwili usingepoteza joto hata kidogo, kila kilomita ingempandisha karibu nyuzi 1, na ndani ya kilomita tano angekuwa hatarini.

Kinachomwokoa ni jasho, lakini ni lile linalokauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote huondoka na kilokalori 580 hivi. Linalodondoka chini haliondoki na kitu. Chukua mkimbiaji wa kilo 60 anayekimbia kilomita 12 kwa saa. Anazalisha joto la kilokalori 575 hivi kila saa, kwa hiyo akikausha lita moja ya jasho kwa saa, mambo yake yako sawa. Sasa hewa iwe nzito kwa unyevu, robo ya jasho hilo idondoke bila kukauka, na upepo usiwepo. Joto linalobaki mwilini litampandisha karibu nyuzi 3 kwa saa. Alianza na 37. Saa moja baadaye yuko karibu na 40, na kwenye marathoni bado ana safari ndefu. Hajafanya kosa lolote ila kung'ang'ania kasi aliyoizoea siku za baridi.

Joto hili halifanani na homa. Katika homa ubongo wenyewe ndio ulioamua kupandisha kiwango. Hapa ubongo unapambana kukishusha na unashindwa. Ndiyo maana dawa za kushusha homa, kama parasetamo, hazisaidii, na ini lililokwisha kuungua kwa joto halihitaji mzigo mwingine.

Je, kipimo gani kinamaanisha hatari? Nyuzi 38 hadi 39 na nusu ni kawaida kwa mtu anayekimbia kwa bidii, na wapo wanaovuka 40 wakamaliza wakiwa na akili timamu. Namba peke yake haitoshi kutaja ugonjwa. Kinachoitwa kiharusi cha joto (hakihusiani na kile cha kupooza upande mmoja) ni mambo mawili yakikutana: joto la ndani kupita nyuzi 40, na ubongo kuanza kukosea. Hata hivyo, mkimbiaji akipata kipimo cha kuaminika cha 40, ushauri wangu ni asimame hata kama anajiona mzima, kwa sababu misuli itaendelea kumwaga joto na dakika chache zinatosha kubadili hali.

Neno zito hapo ni "cha kuaminika". Kwa mtu aliyetoka kukimbia, kipimajoto cha sikioni, mdomoni, kwapani au cha paji la uso husoma chini ya ukweli, wakati mwingine kwa nyuzi mbili au zaidi, kwa sababu ya jasho, upepo na kuhema. Saa ya mkononi hukadiria tu. Kwenye hema la huduma ya kwanza kipimo kinachofaa ni cha njia ya haja kubwa. Wengine wanaona aibu, lakini hakuna kipimo kingine cha haraka kinachokisia vizuri kilichomo ndani. Kwa hiyo shika hili: kipimajoto cha sikioni kikisema 40, simama, kikisema 37 na nusu huku mtu anapayuka, kisahau hicho kipimajoto umwamini mtu unayemwona.

Dalili za kumsimamisha mtu papo hapo ni zile za ubongo. Anapepesuka au anainama upande mmoja. Hajui yuko kilomita ya ngapi. Anajibu ovyo, anakuwa mkali bila sababu, anaanguka, anapata degedege. Kusisimkwa na baridi, nywele za mikono zikasimama katikati ya jua kali, ni onyo la mapema, na mkimbiaji anaweza kulitambua mwenyewe. Mengine mengi hatayatambua, kwa kuwa kiungo cha kuyatambua ndicho kinachoharibika. Uamuzi huu ni wa mtu aliye pembeni.

Katika marathoni ya kwanza ya wanawake ya Olimpiki, Los Angeles mwaka 1984, Gabriela Andersen-Schiess wa Uswisi aliingia uwanjani akiwa amepinda, mguu mmoja ukiburuta. Madaktari walimsogelea, akawakwepa, maana akiguswa angeondolewa mashindanoni. Walipoona bado anatoka jasho, wakamwacha aendelee. Mzunguko wa mwisho ulimchukua karibu dakika sita, akamaliza wa 37, na alipona. Lakini jasho si kibali. Katika kiharusi cha joto cha wakimbiaji ngozi mara nyingi hubaki imelowa. Ngozi kavu ni picha ya wazee wanaozidiwa ndani ya nyumba zenye joto. Mtu anayetembea vile hapaswi kuachwa, hata akikataa kwa maneno yake yote.

Anayeanguka kabla ya mstari wa kumalizia anatia shaka zaidi kuliko anayelegea baada ya kuuvuka. Huyu wa pili mara nyingi damu imebaki miguuni tu baada ya kusimama ghafla; akilazwa na kuinuliwa miguu anapata nafuu haraka. Kuchanganyikiwa kunaweza pia kutokana na kunywa maji mengi mno hadi sodiamu ya damu ikashuka, na huyo akiongezewa maji anazidi kuumia. Kipimo cha njia ya haja kubwa ndicho kinachowatenganisha, kwa hiyo usimnyweshe chochote mtu aliyechanganyikiwa.

Ikiwa ni kiharusi cha joto, poza kwanza, safirisha baadaye. Mwingize kwenye beseni la maji yenye barafu hadi shingoni, mtu mmoja ashike kichwa chake juu ya maji, mwingine ayakoroge. Joto hushuka karibu nyuzi 1 kila dakika tano, kwa hiyo mwenye 41 na nusu atafika 39 kwa dakika 12 au 13. Hapo mtoe, asije akapoa kupita kiasi. Lengo ni awe amepozwa kabla nusu saa haijapita tangu alipoanguka. Beseni likikosekana, mfunike mwili mzima kwa taulo za maji ya barafu, uzibadilishe kila baada ya dakika mbili au tatu, huku unampepea.

Wakati mwingine aliyeanguka huketi, akataja jina lake na kusema amepona, kisha baada ya dakika chache akazimia kabisa. Mpime kabla hujamruhusu kuinuka, na mtu akae naye.